Nimepiga hesabu nina masaa 10,240 ya kusimamia miradi, je niombe PMP sasa?

Shikamoo kaka. Mimi ni injinia wa maji, nina shahada, niko Mwanza. Nataka kuomba PMP, kile cheti cha usimamizi wa miradi, ila hii habari ya masaa ya uzoefu inanichanganya, kuna mtu kazini kaniambia lazima yafike 4,500 na lazima niwe na taimshiti. Nimejaza Excel yangu hivi: visima vya vijijini Shinyanga Machi 2021 mpaka Agosti 2022 (miezi 18, ila ile sita ya mwanzo nilikuwa mafunzoni namfuata injinia mkuu), matanki na vyoo vya shule Januari mpaka Desemba 2022 (12), kitengo cha matengenezo ya pampu Januari mpaka Oktoba 2023 (10, humo ndani Mei mpaka Agosti nilisimamia kubadilisha pampu za dizeli kuwa za sola vijiji vitatu), bomba la kusambaza maji Novemba 2023 mpaka Oktoba 2024 (12), zahanati na nyumba ya mganga Juni 2024 mpaka Mei 2025 (12). Jumla miezi 64, nikazidisha masaa 160 nikapata 10,240. Mradi mwingine nimeanza kuusimamia Septemba 2025 bado unaendelea. Kampuni ya visima ilishafungwa, bosi wangu wa pale yuko Kigoma. Taimshiti sina hata moja. Je niombe tu?
– Injinia wa Kanda ya Ziwa

Marahaba mdogo wangu. Usiombe leo. Funga kwanza hiyo Excel tuanze upya, maana kuna kitu hapo mkaguzi anakiona kabla hajasoma hata jina la mradi. Kutoka Machi 2021 mpaka Mei 2025, ukihesabu kwenye kalenda ya ukutani mwezi kwa mwezi, unapata miezi 51. Wewe unayo 64. Kwaiyo umeishi miezi 13 ambayo sisi wengine hatukuiona 😅

Tuanze na huyo wa kazini aliyekwambia 4,500. Hajakudanganya, ila anakupa sheria ya zamani. Enzi zetu PMI, ndo wanaotoa hicho cheti, walikuwa wanataka vitu viwili kwa pamoja kwa mtu mwenye shahada, masaa 4,500 ya kuongoza miradi na miezi 36 isiyopandana, na asiye na shahada masaa 7,500 na miezi 60. Mimi nimejaza fomu 2018 na nakumbuka zile kero, kila mradi unagawanya masaa kwenye mafungu matano, kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kufunga, unakaa usiku unajiuliza hivi mwezi wa tano mwaka juzi nilipanga masaa mangapi. Sasa hivi masaa wameyatoa, fomu inauliza miezi tu. Mwenye shahada 36, aliyeishia sekondari 60. Miezi hiyo iwe ya karibuni, mwongozo niliozoea mimi ulikuwa unasema ndani ya miaka 8 kurudi nyuma kutoka siku unayoomba, na hili ulihakikishe mwenyewe kwenye mwongozo ulioko kwenye tovuti yao siku unapojaza maana huwa wanaubadilisha. Kwako haina shida, mradi wako wa zamani kabisa ni wa 2021.

Kwaiyo ile 10,240 ifute kabisa, hamna sehemu ya kuiandika. Masaa pekee yaliyobaki kwenye fomu ni yale 35 ya darasani, ya kusoma usimamizi wa miradi, ambayo hujanigusia hata kidogo kwenye barua. Hayo ni masaa ya kukaa na mwalimu au kwenye kozi ya mtandaoni yenye cheti kinachoonyesha idadi ya masaa, kusoma kitabu peke yako kitandani hakuhesabiki, na lazima uwe umeyamaliza kabla hujabonyeza kutuma. Kama una CAPM, cheti cha ngazi ya chini cha hao hao PMI, hayo 35 husumbuliwi. Tuyaache hapo turudi kwenye miezi maana ndiko kwenye kazi.

Neno linalokukwamisha ni "isiyopandana". Maana yake mwezi mmoja wa kalenda unahesabiwa mara moja tu hata kama ulikuwa na miradi mitatu kichwani. Mwaka 2022 Januari mpaka Agosti ulikuwa na visima na matanki kwa wakati mmoja, miezi nane hiyo umeihesabu mara mbili. Juni mpaka Oktoba 2024 ulikuwa na bomba na zahanati, mitano mingine mara mbili. Nane na tano ni 13, ndo ile miezi ya ziada niliyokwambia. Na usiniambie "lakini kaka nilikuwa nafanya kazi mara mbili kweli, nalala saa sita usiku", najua, ila wao hawapimi uchovu.

Kwaiyo njia ya kuhesabu usijumlishe urefu wa miradi. Shusha miezi yote chini kwenye safu moja, Machi 2021, Aprili 2021, na kuendelea, kisha kila mwezi uulize, kuna mradi hata mmoja ulikuwa hai na mimi ndo naongoza? Kama upo weka 1, kama haupo weka 0. Kwenye Excel weka jina la mradi safu ya A, tarehe ya kuanza B, ya kumaliza C, miradi ikae mstari wa 2 mpaka wa 7, alafu safu ya E uandike tarehe mosi ya kila mwezi, na kwenye F2 weka hii uiburute mpaka chini:

```
=IF(COUNTIFS(B$2:B$7,"<="&E2,C$2:C$7,">="&E2)>0,1,0)
```

Ujumlishe safu ya F basi. Tarehe za kuanza ziandike zote mosi ya mwezi ili mwezi wa kwanza usipotee, mradi unaoendelea weka tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita kwenye C. Kama kompyuta yako inagoma jaribu kubadilisha mkato kuwa nukta mkato, kuna mipangilio ya mashine inataka hivyo.

Sasa kabla hujajaza hizo tarehe kuna miezi ya kutoa, na hapa ndipo watu wanapojidanganya sana.

Ile sita ya mwanzo Shinyanga, Machi mpaka Agosti 2021, itoe. Wanachotaka PMI ni wewe kuongoza na kuelekeza mradi, sio kuwepo kwenye mradi. Cheo hakiwahusu, hawana shida kama barua yako ya ajira imeandikwa injinia au afisa maji na sio meneja mradi, watu kibao wamepita bila hicho cheo, ila lazima kuna maamuzi yalikuwa yako. Kipimo changu mimi ni kirahisi tu, kisima kikichelewa, nani alikuwa anapigiwa simu? Kama alikuwa anapigiwa injinia mkuu na wewe umeshika daftari pembeni, huo mwezi ni wa injinia mkuu. Kuanzia Septemba ulipotoka mafunzoni, hapo ni wako.

Kitengo cha matengenezo nacho kitoe. Mradi una mwanzo na una mwisho na kuna kitu kipya kinabaki. Kukimbizana na pampu zilizoharibika leo Misungwi kesho Magu, mwezi uishe uanze upya, hiyo ni kazi ya kila siku ya uendeshaji, hata kama ni ngumu kuliko mradi wenyewe, na ukiiandika kwenye fomu inaonekana kwa macho kwa sababu haina tarehe ya kumaliza yenye maana. Lakini ndani yake umetupa dhahabu kwenye mabano! Kubadilisha pampu za dizeli kuwa za sola vijiji vitatu, Mei mpaka Agosti 2023, huo ni mradi kamili, ulikuwa na bajeti, ulikuwa na vijiji maalum, ulikwisha na ukakabidhiwa. Utoe kwenye kitengo uuandike peke yake, miezi minne.

Haya tuhesabu. Visima na matanki kwa pamoja vinafunika Septemba 2021 mpaka Desemba 2022 bila kukatika, 16. Sola 4. Bomba na zahanati zinafunika Novemba 2023 mpaka Mei 2025, 19. Jumla 39. Kumbuka bila ule mradi wa sola ungekuwa na 35, yaani ungekosa kwa mwezi mmoja huku Excel yako inasema 64.

39 inazidi 36, kwanini nimekwambia usiombe leo? Kwa sababu ya saini. Jaribu kuutoa mradi mmoja mmoja uone. Ukitoa visima unabaki na 35. Ukitoa matanki 35. Sola 35. Ukitoa bomba au zahanati 32. Yaani hamna hata mradi mmoja unaoweza kuuacha, na kila mradi unaouandika lazima uwe na mtu wa kuuthibitisha ukikaguliwa. Mmoja tu asipopatikana umeanguka. Ila ule mradi mpya wa Septemba 2025 hukuuweka kwenye hesabu kabisa, na unaruhusiwa kuandika mradi unaoendelea, miezi iliyokwisha pita inahesabiwa. Septemba mpaka Desemba 2025 ni minne, jumla inafika 43, na hapo rudia zoezi la kutoa mmoja mmoja, ukitoa visima unabaki na 39, ukitoa bomba au zahanati unabaki na 36 kamili. Kwaiyo ukiwa na hiyo minne mkononi, wowote ule unaweza kuuacha nje ukabaki umesimama. Kama miezi hiyo minne umeshaimaliza unaposoma hapa, basi shida ya miezi huna, umebaki na ya karatasi.

Swali lako la taimshiti. Hazihitajiki, hakuna sehemu ya kuzipandisha. Ila tarehe zako lazima zitoke kwenye karatasi na sio kichwani, nakwambia hivi kwa machungu. Mwaka ule nilipoomba nilijaza tarehe kwa kumbukumbu, nikachaguliwa kukaguliwa, nikampelekea bosi wangu wa zamani fomu athibitishe. Akafungua faili la mkataba akaniambia wewe umeandika mradi umeanza Februari, hapa barua ya kukukabidhi ni ya Aprili 18, mimi sisaini uongo. Na kweli Februari na Machi nilikuwa nahangaika na makadirio ya zabuni kabla hata hatujapewa kazi, kichwani mwangu ilikuwa ni mradi ule ule. Aliishia kuniandikia maelezo marefu ya kurekebisha tarehe na ikapita, ila wiki tatu zile nilikonda.

Kwaiyo tafuta karatasi mbili kwa kila mradi, ya kuingia na ya kutoka. Ya kuingia ni barua ya kukuteua au muhtasari wa kikao cha kwanza cha saiti ambapo jina lako limeandikwa kama msimamizi. Ya kutoka ni hati ya makabidhiano, au barua ya wewe kuhamishwa kama uliondoka kabla haujaisha. Kwa wewe wa ujenzi hapo kwenye kutoka angalia sana kipindi cha matazamio. Mkandarasi anakabidhi bomba Oktoba, alafu mkataba unaendelea miezi sita au mwaka mzima kusubiri kama kuna kasoro, na watu wanahesabu mpaka siku hela ya mwisho iliyozuiliwa inalipwa. Wakati huo mara nyingi hamna unachoongoza, unaenda kuangalia mara moja kila miezi mitatu. Mimi nakata siku ya makabidhiano. Hiyo Oktoba 2024 ya bomba lako ni makabidhiano au ni mwisho wa matazamio? Kama ni mwisho wa matazamio sogeza nyuma kisha angalia formula inasemaje. Zahanati ilishaanza Juni, kwaiyo ukirudi mpaka Mei hupotezi kitu, ukirudi zaidi ya hapo miezi inaanza kupungua.

Kingine ni saiti kusimama. Visima vya Shinyanga vikipigwa na mvua au hela za mfadhili zikachelewa, mtambo unakaa miezi miwili chini ya mti. Kama muda huo ulikuwa unapanga upya ratiba, unaandikiana na mkandarasi, unakaa vikao na kijiji, mwezi ni wako. Kama walikupeleka ofisi nyingine kabisa, weka 0. Daftari la saiti litakwambia, na kama ulikuwa na kawaida ya kuandika daftari la saiti basi hiyo ndo taimshiti yako, kwa mtu anayekuuliza mwezi huu ulifanya nini.

Kwenye fomu yenyewe kila mradi wanakuuliza jina la mradi, taasisi, cheo chako, ukubwa wa timu, bajeti, mtindo wa kazi, mwezi wa kuanza na kumaliza, alafu maelezo ya maneno 200 mpaka 500. Kwenye mtindo kazi zako za visima na mabomba ni Predictive, yaani kazi yote inapangwa mwanzoni, usichague Agile kwa sababu umesikia ndo inapendwa. Maelezo ndo yanayorudisha watu wengi. Wanataka lengo kwa sentensi moja, matokeo, nafasi yako, kisha ulichofanya na ulichotoa mkononi. Injinia anapenda kuandika hivi: "Mradi ulihusisha kufunga pampu tatu za sola, paneli, matanki na bomba, maji yakapatikana." Hapo wewe haupo. Hiyo ni habari ya pampu.

Fomu utaijaza kwa Kiingereza, ila nakuonyesha mpangilio kwa lugha yetu kwa huo mradi wako wa sola, vitu ambavyo sivijui we weka vyako:

"Lengo lilikuwa kubadilisha pampu za dizeli kuwa za sola kwenye visima vya vijiji vitatu ili kupunguza gharama za uendeshaji. Nilikuwa msimamizi wa mradi, nikiripoti kwa mkuu wa kitengo. Niliandaa andiko la mradi na kukubaliana na kamati za maji za vijiji juu ya mipaka ya kazi. Nilipanga ratiba ya wiki 16 na bajeti, nikaorodhesha vihatarishi, kikubwa kikiwa kuchelewa kwa paneli bandarini. Niliongoza mafundi na mkandarasi wa umeme, nikaendesha kikao cha kila wiki. Paneli zilipochelewa nilibadilisha mpangilio wa kazi tukaanza na misingi na uzio. Nilifuatilia matumizi dhidi ya bajeti kila mwezi. Mwisho nilisimamia majaribio ya pampu, makabidhiano kwa kamati za maji na kikao cha mafunzo tuliyopata. Mifumo yote mitatu ilikabidhiwa Agosti 2023."

Iko fupi, utaiongeza ifike maneno 200, ila umeona kila sentensi kuna mtu anafanya kitu, na yale mafungu matano ya zamani yamo kimya kimya bila kuyataja, kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia, kufunga. Masaa wameyaondoa ila msomaji wao bado anayatafuta hayo mambo. Na usinakili maelezo ya mradi mmoja ukabadilisha jina la kijiji ukabandika kwenye mwingine, miradi yako miwili ya kwanza imepandana miezi nane na maneno yakifanana atajiuliza kama ni mradi mmoja umeugawa.

Bosi wa Kigoma. Kampuni kufungwa sio tatizo, wanaangalia mtu aliyekuwa anakusimamia au anayeijua kazi yako pale, sio jengo. Anaweza kuwa yuko kampuni nyingine, anaweza kuwa amestaafu anafuga. Kama yeye haeleweki, mteja wa mradi anaweza, mfano injinia wa wilaya aliyekuwa anapokea visima vile. Usimweke rafiki yako mliyekuwa mnakaa dawati moja wala fundi uliyekuwa unamsimamia wewe. Mpigie bosi kabla ya kutuma fomu, sio baada. Mtumie ukurasa mmoja, tarehe na yale maelezo, mwambie "bosi hivi ndivyo nilivyoandika, kuna kitu hukubaliani nacho?" Akisema tarehe sio, rekebisha saa hiyo hiyo, ni bure. Muulize na imeili anayoifungua kila siku, maana wengi wanatoa ile ya ofisini ya zamani ilishakufa na kampuni.

Sasa utaratibu wenyewe ili usishtuke. Fomu ukiianza una siku 90 kuimaliza kwaiyo unaweza kujaza kidogo kidogo inajihifadhi. Ukituma wanaipitia, siku chache, wakikubali unalipia, na ni baada ya kulipa ndipo wengine wanapata ujumbe wa kukaguliwa. Wanachagua kwa bahati nasibu, usidhani umeshtukiwa. Una siku 90 kuleta nakala ya cheti cha shahada, vyeti vya yale masaa 35, na uthibitisho wa kila mradi ulioandika kutoka kwa bosi au mteja wake. Jina kwenye cheti cha chuo likitofautiana na la kwenye akaunti yako, kama umeolewa ukabadilisha, andaa hati ya kuonyesha ni mtu yule yule. Muda wa mtihani, ambao ni mwaka mmoja na unaweza kurudia mpaka mara tatu ndani yake, unaanza kuhesabiwa ukimaliza ukaguzi. Ukiingia mitini ukaguzini, unafungiwa kuomba tena kwa mwaka.

Ndo maana kwenye ile miradi sita mimi ningekushauri, ukishapata Desemba 2025 ikiwa imejaa, mpigie kwanza huyo wa Kigoma. Akipokea simu na tarehe zikakubali, tuma yote sita una 43. Asipopokea na injinia wa wilaya naye hapatikani, visima viache nje kabisa, tuma mitano una 39, saini tano, na hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi Septemba 2021. Wiki hii we kafukue tu hati ya makabidhiano ya lile bomba uone imeandikwa mwezi gani.